Huwezi kwenda kumwona mama mwezi huu? Mwambie mapema, na umwambie na ratiba ya simu

Mzazi aliyezoea kukuona kila mwisho wa mwezi huanza kukusubiri kabla wewe hujakata tiketi. Anafua shuka, anamzuia jogoo asiuzwe, anawaambia majirani kwamba mtoto anakuja Jumamosi. Kwa hiyo unapogundua kwamba safari ya mwezi huu haitakuwepo, kuna mtu ambaye tayari yuko ndani ya safari hiyo, na wewe ndiye utakayemtoa.

Wengi wetu mijini hulikwepa jambo hili. Mmoja atakaa kimya hadi Ijumaa jioni, halafu atume ujumbe mfupi: “Mama kesho sitaweza kuja, kazi zimebana.” Mwingine atamtuma mdogo wake aseme kwa niaba yake. Wapo pia wanaotuma pesa zaidi ya kawaida bila maelezo, wakitumaini mzee ataelewa mwenyewe. Anaelewa, lakini anachoelewa si kile ulichokusudia. Mzee anayepokea pesa nyingi ghafla na mtoto haonekani hujiuliza kama huko mjini kuna mgonjwa, au kama amemkosea mtu.

Jambo ambalo husahaulika ni kwamba ziara ya mwezi si kuonana tu. Ndani yake kuna kazi. Kuna kliniki, kuna mfuko wa dawa unaoangaliwa, kuna bati linalovuja, kuna deni dogo dukani linalolipwa kimyakimya. Ukifuta ziara bila kuzigawa kazi hizo, unazifuta zote pamoja. Kwa hiyo kabla ya kumpigia mzazi kumpa habari, kaa na kalamu uandike: nikienda kule huwa nafanya nini hasa? Kisha jiulize lipi linaweza kufanywa kwa simu, lipi linahitaji mtu mwingine aliye karibu, na lipi litasubiri.

Siku nne kabla ya simu

Chukua mfano wa mama wa watoto wawili anayeishi Mbagala, Dar es Salaam, na kufanya kazi kwenye ghala la vinywaji. Ana miaka 41, ingawa kwa mama yake bado ni binti, na hapa ataitwa hivyo. Mama yake ana miaka 78. Anaishi kijijini juu ya Mlalo, wilayani Lushoto, pamoja na mjukuu wa kiume wa miaka 12. Ana shinikizo la damu na humeza kidonge kimoja kila asubuhi. Kila mwezi binti husafiri Jumamosi, hukaa Jumapili, Jumatatu alfajiri humpeleka mama kliniki, na Jumanne hupanda basi la kurudi. Safari hiyo humhitaji apate ruhusa ya siku mbili za kazi.

Mwezi huu safari ilikuwa Jumamosi ya tarehe 26, na kliniki Jumatatu ya tarehe 28. Jumatano ya tarehe 9 msimamizi akamwambia kwamba mwenzake wa zamu amekwenda likizo ya uzazi, hivyo hakuna ruhusa ya siku mbili mfululizo hadi mwezi ujao.

Binti hakumpigia mama siku ile. Alisubiri hadi Jumapili ya tarehe 13, na siku hizo nne alizitumia vizuri. Kwanza alimpigia wifi yake, mke wa kaka yake, ambaye nyumba yake iko mwendo wa dakika kumi kutoka kwa mama. Hakumwambia, “Jumatatu utampeleka mama kliniki.” Alimuuliza: “Wifi, tarehe 28 umekaaje? Naomba unishike mkono kwa mama.” Tofauti ya maneno haya ni kubwa kuliko inavyoonekana. Ndugu waliobaki kijijini ndio wanaobeba mzigo wa kila siku bila kuhesabiwa, na wamechoka kuamrishwa kwa simu na watu wa mjini. Wifi alikubali, ila akasema asubuhi hiyo atakuwa amepoteza siku ya shamba. Wakakubaliana kwamba Jumamosi jioni binti atatuma nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, pesa ya chai, na kitu kidogo cha kumlipa kibarua wa palizi.

Pili, alipata tarehe mpya ya uhakika. Alirudi kwa msimamizi akaandikiwa ruhusa ya mwezi ujao, kuanzia Jumamosi ya tarehe 24. Bila karatasi hiyo asingeitaja tarehe yoyote kwa mama. “Nitajitahidi mwezi ujao” ni maneno ambayo mzee huyasikia kama ahadi, na ahadi ya pili ikivunjika haina maelezo yanayoingia akilini.

Namna ya kulisema

Saa ya kupiga ina maana yake. Usiku sana si wakati wa habari ya aina hii, kwa sababu mzee atalala nayo peke yake, na simu ya usiku kwa watu wa umri wake ni simu ya msiba. Asubuhi na mapema pia humshtua. Binti alichagua saa 10 na nusu jioni, mama akiwa ameshaswali alasiri na kukaa nje chini ya mparachichi, ambako mtandao hushika vizuri. Mjukuu alikuwa karibu.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Hamjambo huko? Watoto?”

“Hatujambo wote, mama, hakuna anayeumwa. Nimekupigia kukuambia habari ya safari. Tarehe 26 sitaweza kuja. Mwenzangu wa zamu amejifungua, na kazini hawanipi siku mbili. Nitakuja mwezi ujao, Jumamosi ya tarehe 24, ruhusa ninayo mkononi.”

Tazama mpangilio wake. Habari ya uzima ilitangulia, kwa sababu sikio la mzee hutafuta kwanza kama kuna ugonjwa au kifo, na halisikii kingine hadi lipate jibu. Wanaoanza kwa “Mama, kaa chini nikuambie jambo” humtesa mtu bure. Kisha ikaja habari yenyewe, mwanzoni mwa mazungumzo. Wengi huifichia mwisho, baada ya nusu saa ya kucheka, na mzazi hubaki akijiona amechezewa. Sababu ilikuwa moja, na ya kweli. Ukitoa sababu tatu, yaani kazi, ada ya shule na mafua ya mtoto, kila moja huidhoofisha mwenzake, na mzee aliyelea watoto sita anajua visingizio vinavyosikika.

Mama alinyamaza kidogo. Kisha akasema, “Basi sawa.” Baada ya hapo akaongeza, “Na mimi nilikuwa nimekutunzia maharage, debe zima.”

Hapa ndipo watu wengi huharibu. “Sawa” ya mzee mara nyingi haina maana ya kwamba amekubali; ina maana kwamba hataki kukusumbua. Na yale maharage si maharage tu. Mzazi aliyezeeka hupokea tu kutoka kwa wanawe, na ziara ndiyo nafasi yake ya kutoa. Ukimjibu “Usijali mama, wape majirani,” umemnyang'anya na hilo. Binti akasema, “Usiyatoe mama. Wifi akishuka Lushoto ayakabidhi kwenye basi, mimi nitayapokea stendi ya Magufuli hapa Mbezi. Watoto wanayasubiri.” Sauti ya mama ikabadilika, akaanza kueleza namna ya kuyafunga yasiingie wadudu.

Ndipo binti alipoeleza mambo mengine: kwamba wifi amekubali kumpeleka kliniki, na kwamba tangu siku hiyo watazungumza kwa saa maalumu. Hakuuliza, “Mama, umekasirika?” Swali hilo humlazimisha mzazi kusema hapana. Alisema tu, “Najua ulikuwa umejiandaa, mama, na mimi sikupenda iwe hivi.” Akanyamaza, amwache mama aseme lake.

Siku mbili kwa wiki, si saba

Anayefuta ziara huwa na hatia moyoni, na hatia hiyo humfanya aahidi mengi: “Nitakupigia kila siku, mama.” Siku tano za mwanzo anapiga. Ya sita yuko kwenye foleni, ya nane ameishiwa salio, na kufikia wiki ya pili mzee ameshika simu jioni nzima akidhani imeharibika. Simu mbili kwa wiki zinazokuja kwa saa yake zina thamani kuliko saba za kubahatisha. Mzee hupumzika siku za katikati kwa sababu anajua lini utapiga.

Binti na mama yake walipanga Jumatano na Jumapili. Simu ya Jumatano ni fupi, dakika tano, saa 12 na nusu asubuhi, kabla mjukuu hajaenda shule na kabla binti hajapanda daladala. Kupiga ukiwa ndani ya daladala ni kupoteza vocha. Mzee hasikii ila honi na konda. Simu hii ni ya kazi: dawa, chakula, maji, kama kuna kilichoharibika. Ile ya Jumapili ni ndefu, nusu saa, saa 10 na nusu jioni palepale chini ya mparachichi. Hiyo ni ya maongezi, na wajukuu wa Mbagala wanaingia. Kila mtoto huja na swali moja aliloliandaa, kwa mfano bibi alisoma shule gani alipokuwa mdogo na alifika kwa njia ipi, maana mtoto aliyesukumiwa simu ghafla husema “Shikamoo bibi, sijambo” na kuirudisha.

Ratiba ikiwa kichwani mwa mtu mmoja haitadumu. Mjukuu aliiandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye kalenda ya ukutani, akazungushia duara kila Jumatano na kila Jumapili, na tarehe 24 ya mwezi ujao akaipigia duara mara mbili. Kila asubuhi bibi hukata siku moja kwa mkaa. Mjukuu akapewa na kazi ya pili: Jumanne jioni na Jumamosi jioni simu ichajiwe kwenye sola. Sababu kubwa ya mzee kutopokea simu huwa ndogo tu: betri imekufa, au simu iko kwenye pindo la khanga ikiwa imezimwa sauti kwa bahati mbaya.

Simu ya bibi ni ya kitochi, na kwa mzee wa umri huu hiyo ni nzuri kuliko simu janja. Chaji yake hudumu siku kadhaa na vitufe vinapapasika. Simu nyingi za aina hiyo hukubali namba ya mtu iwekwe kwenye kitufe kimoja, ili mzee akibonyeza kitufe cha 2 na kukishikilia, simu ikupigie wewe. Kitufe cha 3 wakampa wifi. Kwa kuwa bibi mara nyingi hana salio, walikubaliana pia juu ya kubipu. Akibipu mara moja, maana yake “ukipata nafasi nipigie”. Akibipu mara tatu mfululizo, binti aache anachofanya apige sasa hivi. Na kama hapatikani, wifi yupo kwenye 3.

Kuhusu kusikia, kuna kosa karibu kila mtu analifanya: kupaza sauti. Usikivu wa uzeeni hupotea kwanza kwenye sauti nyembamba, ndiyo maana herufi kama “s” na “f” humponyoka mzee huku akisikia wazi kwamba mtu anaongea. Ukipiga kelele, sauti yako huwa nyembamba zaidi na simu huikwaruza. Teremsha sauti iwe nzito kidogo, sema polepole, sentensi moja kwa wakati, na umwombe aweke simu kwenye sikio lililo zima zaidi. Usiulize “Umenisikia?” Atasema ndiyo. Muulize, “Kwa hiyo tarehe ngapi wifi anakuja kukuchukua?” Jibu lake ndilo litakalokuambia.

Vidonge vinavyohesabika

Swali la “Unaendeleaje mama?” lina jibu moja tu Tanzania nzima: “Namshukuru Mungu.” Halikupi habari yoyote. Ukitaka habari, uliza kitu kinachoonekana au kinachohesabika. Jana jioni mlikula nini? Nani aliteka maji? Usiku uliamka mara ngapi? Na kwa mzee wa dawa: vimebaki vidonge vingapi?

Swali hilo la mwisho lilizaa kitu siku ya kwanza kabisa ya ratiba. Mwezi uliopita, tarehe 31, kliniki ilimpa mama vidonge 30, akaanza kuvimeza tarehe 1. Jumatano ya tarehe 16, baada ya kidonge cha asubuhi, vilipaswa kubaki 14. Mjukuu akavimwaga kwenye sahani, akahesabu. Vilikuwa 18.

Binti hakufoka. Alimuuliza mama taratibu ni siku gani anaruka. Mama akasema hakuruki. Ila Jumatatu na Alhamisi hufunga sunna, na dawa ni ya asubuhi, basi siku hizo huiacha. Ukihesabu Alhamisi ya tarehe 3, Jumatatu ya tarehe 7, Alhamisi ya tarehe 10 na Jumatatu ya tarehe 14, unapata siku nne kamili. Kwa miaka miwili binti alikuwa akimwona kila mwezi, na hakuwahi kulijua hilo, kwa sababu siku za ziara mama huwa hafungi, ana mgeni.

Dawa ya shinikizo la damu inayomezwa kwa kurukaruka huacha shinikizo lipande bila mzee kuhisi lolote. Binti alimwambia mama asimeze viwili kufidia vilivyopita, kisha akampigia muuguzi wa kliniki kumweleza. Kwa dawa ile aliyonayo mama, jibu lilikuwa rahisi: ahamishie kidonge usiku baada ya isha, kila siku saa ile ile, afunge au asifunge. Si kila dawa inaruhusu hivyo, kwa hiyo mwenye mzazi mfungaji aulize kliniki yake mwenyewe. Wifi naye aliombwa alirudie jambo hilo tarehe 28 mbele ya daktari, na achukue daftari la kliniki, kadi ya mama na paketi ya vidonge vilivyobaki. Bila paketi hiyo mtoa dawa atadhani vimekwisha vyote. Katika vituo vingi vya serikali kuna dirisha la wazee, na Sera ya Taifa ya Wazee inamtambua mzee kuwa mwenye miaka 60 na kuendelea. Wifi alikumbushwa aulize dirisha hilo kwanza, badala ya kupanga foleni ya jumla.

Sikio la anayepiga linaweza kugundua mengine pia, ikiwa unajua la kawaida ni lipi. Mzee anayerudia hadithi ya zamani hana tatizo. Hivyo ndivyo wazee walivyo. Anayekuuliza swali lile lile mara tatu ndani ya dakika kumi, wiki baada ya wiki, anahitaji kuonekana na daktari bila haraka kubwa. Lakini mzee aliyekuwa timamu Jumapili, na Jumatano anachanganya mchana na usiku au hakutambui, si uzee huo. Mchanganyiko wa ghafla mara nyingi hutokana na maradhi kama malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, au kukosa maji mwilini, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Maneno yakianza kukwama ghafla kana kwamba ulimi ni mzito, mwambie aliye karibu amtazame kama mdomo umepinda au mkono mmoja hauna nguvu. Hizo ni dalili za kiharusi, na hapo husubiri hata chai.

Asipopokea

Jumapili moja simu itaita hadi ikate. Kabla ya siku hiyo kuja, kubalianeni la kufanya, kwa sababu mtu mwenye hofu hupiga mara arobaini mfululizo na kuimaliza hata chaji iliyokuwepo. Binti alijiwekea utaratibu huu: apige, asubiri robo saa, apige tena, asubiri robo saa nyingine, apige mara ya tatu. Ikishindikana ampigie wifi. Wifi naye asipopatikana, ampigie jirani wa ukuta wa pili, ambaye namba yake aliiomba mapema na kumweleza kwa nini anaiomba. Kwa namna hiyo, ndani ya saa moja kuna mtu amesimama mlangoni kwa bibi. Jumapili ya tarehe 20 ilitokea. Jirani alipofika alimkuta bibi ameketi chini ya mparachichi, amejitanda khanga, simu mkononi, akilalamika kwamba mtoto hapigi. Mtandao wa laini ya bibi ulikuwa umekatika tangu adhuhuri.

Na wewe ukishindwa kupiga? Toa taarifa kabla ya saa ile, si baada. Ujumbe wa maandishi kwa mzee asiyesoma bila miwani hautoshi, piga dakika moja asubuhi umwambie, “Leo jioni nitakuwa zamu, nitapiga kesho saa ile ile.” Mara moja kwa mwezi hilo linasameheka. Likitokea kila wiki, saa mliyochagua haikufai, ibadilisheni.

Pesa ya mwezi iende tarehe yake ya kawaida, na isiwe ndani ya simu ya Jumapili. Mkianza kuzungumzia mtandao wa kutumia na ada ya kutolea, nusu saa imekwisha. Jambo jingine: mwambie mzazi waziwazi kwamba hutamtuma mtu mgeni ampigie kwa jina lako kuomba namba ya siri au “pesa iliyokosewa”. Matapeli hupenda nyumba ambayo mtoto hajaonekana muda mrefu.

Simu ina mipaka yake, na ni vizuri kuijua kabla hujajiridhisha. Haioni kidonda mguuni, haioni gauni lililolegea kwa sababu mwili umepungua, haisikii harufu ya chungu cha juzi. Mambo hayo binti alimwomba wifi ayatazame siku ya kliniki: mama anatembea vipi akiteremka mlima, amepimwa uzito wa kilo ngapi, jikoni kuna nini. Wifi alirudi na habari kwamba uzito haujapungua, ila kandambili za kushoto zimekatika kamba, na mama amekuwa akizivaa hivyo hivyo kwenye njia yenye utelezi kwenda chooni. Kandambili mpya zilinunuliwa Lushoto siku ile ile, kabla debe la maharage halijapakiwa kwenye basi.

Ziara ya mwezi ujao nayo ikishindikana, ratiba hii haitoshi tena. Miezi miwili bila jicho la mtoto ni mingi kwa mzee wa miaka 78 mwenye dawa za kila siku. Hapo inabidi ndugu wengine waitwe kwenye simu moja, wapangiane zamu ya kwenda, hata kama ni yule wa Moshi ambaye kila mwaka husema yuko mbali. Binti alishampigia kaka huyo tarehe 29, siku moja baada ya kliniki. Alimwomba aweke wazi Jumamosi ya tarehe 24, endapo ruhusa yake ingebatilishwa tena.